Waya wa bafle: tazama metali kabla ya kutazama unene

Mwaka jana nilinunua hapa Lubumbashi rola ya mita 25 ya waya wa bafle, ulioandikwa 2 x 1.5 mm², na muuzaji alinihakikishia: «Mama, hii ni shaba tupu.» Baada ya msimu mmoja wa mvua, bafle ya barazani ilianza kukwaruza na kukatika sauti. Nilipofungua ampli nikakuta nyuzi zimelegea chini ya skrubu, na baadhi zilivunjika nilipozigusa kwa kidole. Nilizikwaruza kwa kisu, na chini ya rangi nyekundu ukatokea weupe: ilikuwa alumini iliyovikwa ganda jembamba la shaba.

Wanunuzi wengi huuliza unene na bei, wala hawaulizi metali, ilhali kasoro kubwa imo humo. Waya wa namna hiyo una ukinzani unaozidi ule wa shaba ya unene uleule kwa nusu au zaidi kidogo. Ubaya mwingine uko kwenye ncha: alumini iliyobanwa kwa skrubu husinyaa polepole, kiungo hulegea, na hewa hufunika sehemu iliyo wazi kwa utando usiopitisha umeme vizuri.

Kuugundua si kazi ngumu. Kwaruza uzi mmoja mpaka ndani, kwa sababu kuna shaba halisi iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe kwa nje lakini nyekundu kiini chake. Rola ikiwa nzima, gusanisha nyaya zote mbili za mwisho wake mmoja, kisha pima mwisho wa pili kwa multimita na uondoe namba inayoonekana unapogusanisha sindano za multimita zenyewe. Mita 25 za 2 x 1.5 za shaba hutoa takriban omu 0.6, rola yangu ilitoa 0.9.

Kuhusu urefu, mimi hufuata kanuni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu zilizoandikwa nyuma ya bafle. Kwa shaba ya 1.5, hiyo ni kama mita 17 kwa bafle ya omu 8, lakini mita 8 tu kwa bafle ya omu 4. Bafle yangu ya barazani ni ya omu 4, na waya unaopita kando ya ukuta hadi huko ni mita 12. Alumini ile ilikuwa inaleta omu 0.44, yaani asilimia 11, na karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ilikuwa haifiki kwenye bafle. Shaba ya 2.5 kwa umbali huohuo huleta omu 0.17 hivi, na tatizo linakwisha. Upimaji ufanyike kwa kufuata ukuta na pembe zake, si kwa kukata hewani, na kila mwisho uongezewe nusu mita.

Nafasi ya kwanza naipa Van Damme ya buluu, 2 x 2.5, na sifichi kwamba naipendelea: ni shaba, nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, na ganda lake hukunjika bila kupasuka. Mimi niliagiza kwa ndugu aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya. Ya pili ni waya laini wa kawaida wa umeme ulioandikwa H05VV-F, 2 x 2.5 au 2 x 1.5, ukiwa wa shaba kweli, sauti yake haina upungufu wowote ninaoweza kuusikia. Waya mwembamba wa bei ya chini, mwekundu na mweusi, unafaa mita mbili tatu na si zaidi.

Ncha tupu, zikisokotwa vizuri, hupitisha umeme sawasawa na fishi banani. Hatari yake ni uzi mmoja unaochomoza na kugusa upande wa pili, ambapo ampli hujizima au huungua. Kwa hiyo menya sentimita moja tu, sokota, ingiza, kaza, kisha kaza tena baada ya wiki. Usizipake risasi ya kuchomelea ncha zinazobanwa kwa skrubu, kwa sababu risasi nayo husinyaa na kulegea. Fishi banani za milimita 4 nazinunulia ampli inayochomolewa mara kwa mara, lakini nyumbani kwenye watoto wadogo sipendi ziachwe zikining'inia, kwani huingia kwenye tundu la umeme ukutani.

Kinachonikera ni kwamba tunaishi katika mji wa shaba, tukiona malori yanavyoipeleka nje, kisha tunauziwa alumini iliyopakwa rangi yake kwa bei ya shaba. Tena muuzaji hukasirika ukimwomba kisu. Sasa, kabla ya kulipa, namwomba akate sentimita tano mbele yangu, nazilipia hizo, nazikwaruza, na akikataa namwachia rola yake.