Nilivyompa mtu kazi ya kuandika upya matangazo ya duka langu

Nauza viatu. Kwa muda mrefu mzigo ukiingia nilikuwa nachukua simu, naandika chochote kinachonijia, natuma kwa orodha nzima ya wateja kwenye WhatsApp, kisha nasubiri. Hivi karibuni nilimlipa kaka mmoja anayehariri matangazo ya biashara ndogo ili ayapitie ninayotuma. Nimefanya naye kazi kwa miezi mitatu sasa, kwa hiyo naweza kueleza nilichopata na pale alipokwama.

Ujumbe wa kwanza niliompa ulikuwa huu, kama nilivyokuwa nimeutuma:

"Mambo vipendwa vyanguuu!! MZIGO MPYA UMESHUKA! Viatu vya shule vikali, bei ya kutupa!! Vimebaki VICHACHE, wahini kabla havijaisha. Ofa mwisho LEO. Msije mkasema hamkuambiwa! Bei njooni inbox."

Hakuanza kuurekebisha. Aliniuliza maswali. Jozi ngapi zipo? Nikasema 36, mzigo ulikuwa ndiyo kwanza umefika. "Basi dada, vichache viko wapi?" Sikuwa na jibu. Akauliza ofa ni kiasi gani na inaisha lini hasa. Nikamwambia ni asilimia 10, na kwa kweli ningeendelea kuitoa hadi Jumamosi. "Leo" niliiweka ili watu wasilale. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: ujumbe hausomwi siku unapotumwa tu. Mteja anayeufungua kesho yake asubuhi akakuta "mwisho leo" hajui ni leo ipi. Anayeamua kwamba kapitwa haji. Anayekuja akakuta ofa bado ipo anajua ulimdanganya, na safari ijayo hata ukisema kweli hakuamini.

Siku mbili baadaye alinirudishia hivi:

"Habari. Viatu vyeusi vya shule vya watoto, vya ngozi na kamba, vimefika dukani. Saizi ni 28 hadi 35. Vina punguzo la asilimia 10 hadi Jumamosi tarehe 14, duka linapofungwa saa 12 jioni. Kuanzia Jumapili vitauzwa kwa bei ya kawaida. Saizi 31 zipo jozi 2 tu. Nyingine zipo za kutosha. Ukipenda mtoto ajaribu kwanza, karibu wakati wowote kuanzia saa 3 asubuhi. Usipopenda kupokea matangazo haya, nijibu SITISHA nami nitakuondoa kwenye orodha."

Chini ya sentensi ya punguzo aliacha nafasi ya bei mbili, ya kawaida na ya ofa, zote kwa tarakimu. Hapo nilibishana naye. Nilizoea "njoo inbox" kwa sababu niliamini mteja akishaniandikia nusu ya biashara imekwisha. Aliniomba nirudi nyuma nihesabu majibu ya tangazo la zamani. Yalikuwa 41, na 33 kati yake yalikuwa neno moja tu: "Bei?" Nilikuwa nimeshinda siku nzima nikijibu swali ambalo mstari mmoja ungelimaliza, na wengi wakishaijua bei hawakuandika tena.

Kilichonifundisha zaidi ni habari ya umoja na wingi. Ujumbe wa orodha ya matangazo haufiki kama wa kundi. Unaingia kwenye simu ya kila mtu peke yake, kama vile umemwandikia yeye. Kwa hiyo "wahini", "njooni" na "hamkuambiwa" vinamfanya ajione yuko kwenye umati. Ukiandika "karibu" na "ukipenda" unazungumza na mtu mmoja. Vilevile "Mambo" niliiona ya kirafiki, lakini kwenye orodha yangu wamo watu wa rika la mama yangu, na jibu la "poa" hawawezi kunipa. "Habari" inamfaa kila mmoja. "Bei ya kutupa" nayo aliifuta akisema inaufanya mzigo uonekane taka, na kweli nilivigharamia viatu vile.

Nilidhani atanikataza kabisa kutaja kwamba kitu kinakaribia kuisha. Hakunikataza. Alisema upungufu wa kweli ni taarifa inayomsaidia mteja, mradi utaje ni nini kimepungua na kwa idadi. Mzazi wa mtoto wa saizi 31 anahitaji kujua kuna jozi 2. Wa saizi 34 hana sababu ya kukimbizwa. Shida ni kwamba namba hiyo inachakaa haraka na ujumbe ulioshatumwa kwa watu wengi ni kazi kuurekebisha. Jozi mbili zile ziliondoka siku ile ile, na mama mmoja akafika kesho yake akiziulizia. Sasa huwa naandika "nilipohesabu leo tarehe 9 asubuhi", na anayekosa namwandika ili nimjulishe mzigo ukirudi.

Mapungufu yapo. Rasimu yake ya pili, ya viatu vya wazi, ilikuja imekakamaa: "Mteja wetu mtukufu, tunayo furaha kukujulisha kwamba..." Nilimrudishia. Duka langu ni mimi na mdogo wangu, hakuna "tunayo furaha" hapo, na mteja ananijua kwa sauti. Aliipunguza ikawa sawa, lakini ilibidi nimtumie jumbe zangu za kawaida kwa wateja ili asikie ninavyoongea. Pia siku mbili kwa tangazo moja ni nyingi kama mzigo unaondoka haraka.

Na kuna ambalo maneno hayatatui. WhatsApp inafikisha ujumbe wa orodha kwa wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Wateja kadhaa niliodhani wananipuuza hawakuwa wakipata chochote. Hao, pamoja na wanaotumia simu ndogo, nawatumia SMS baada ya kuwauliza dukani kama wangependa. Huko ujumbe mmoja una herufi 160, na ukitia emoji hata moja nafasi inashuka hadi 70, ujumbe unakatwa vipande na unalipia kila kipande. Toleo alilonipa lilikuwa na herufi 143 bila emoji, zikabaki 17 za kuandika bei.

Siku ya kwanza ya tangazo jipya mauzo yalikuwa chini kuliko nilivyozoea, na niliogopa. Watu walikuja Alhamisi, Ijumaa, wengi Jumamosi mchana, wakiwa na watoto na wanajua saizi na bei. Majibu ya "Bei?" yalikuwa 4. Walioandika SITISHA walikuwa 9. Iliniuma, hasa mmoja ambaye amenunua kwangu tangu naanza. Niliwatoa wote jioni ile ile, nikamjibu kila mmoja kwamba nimemwondoa na kwamba oda zake zitaendelea kama kawaida. Yule mteja wa zamani alipita wiki iliyofuata kubadilisha soli. Aliniambia jumbe zilikuwa zinamwingilia usiku akiwa kazini, akanunua na jozi ya mwanawe kwa bei ya kawaida.

Jumatatu baada ya ofa alifika mtu akaomba ile asilimia 10. Nilitamani kumpa. Nikamwonyesha tarehe kwenye ujumbe, nikamwambia waliokuja Jumamosi walipanga safari zao kwa tarehe hiyo. Alielewa. Kaka mhariri bado namlipa, ila kwa matangazo ya mzigo mkubwa tu. Madogo naandika mwenyewe, na kabla ya kutuma najiuliza maswali yake: zipo ngapi, bei ni ipi, inaisha lini na saa ngapi.