Adapta za intaneti ya nyaya za umeme: uzoefu wangu katika nyumba kongwe

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hasa, na waifai ya rauta iliyoko sebuleni hufa kabla haijafika chumba cha nyuma cha juu ninapofanyia kazi. Kuzitoboa sikutaka. Ndiyo maana nilinunua jozi ya adapta zinazopitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme zilizokwisha kuwamo ukutani. Moja unaichomeka karibu na rauta na kuiunganisha kwa kebo, ya pili unaichomeka chumba cha mbali, kisha unabonyeza kitufe cha `Pair` kwenye zote mbili ndani ya dakika mbili. Zangu zilishikana mara ya kwanza.

Boksi limeandikwa megabiti 1000 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mawimbi kwenye waya ulio bora kabisa, si kasi ya faili utakalopakua. Nilitaka kujua nimepata nini, kwa hiyo nikapima adapta peke yake bila kuihusisha intaneti, kwa programu ya kupima kasi iitwayo iperf3. Laptopu moja upande wa rauta, nyingine chumbani, zote kwa kebo:

```
iperf3 -s
iperf3 -c 192.168.1.20 -t 60
```

Amri ya kwanza ni ya laptopu inayopokea. Ya pili ni ya inayotuma, ikitaja anwani ya mwenzake. Nilianza na soketi mbili za sebuleni, nikapata megabiti 310. Nawasihi mfanye jaribio hili siku ile ile ya kununua, kwa sababu linaonyesha kama kifaa ni kizima. Niliposogeza adapta ya pili hadi chumba cha nyuma, ikabaki 14. Tangu hapo nilijua kwamba tatizo liko ukutani.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya radi, na kinga hiyo huchuja mawimbi ya kasi ambayo adapta inayategemea. Kuihamishia soketi ya ukutani kulinipa 22. Kisha nikaanza kuchomoa vitu kimoja kimoja huku kipimo kikienda. Chaja moja ya simu ya bei rahisi ilikuwa inachafua waya mzima. Nilipoichomoa namba ilipanda hadi 31, nikiirudisha inaanguka. Nilirudia mara tatu ili niwe na hakika.

Hapo nikamwita fundi umeme, mzee anayezijua nyumba za mtaa huu. Akazima swichi kuu, akafungua soketi ya chumbani.

"Mwanangu, hapa zipo nyaya mbili tu. Ethi haimo."

Baadhi ya adapta za aina hii, zangu zikiwamo, hutuma mawimbi kwa njia mbili kwa pamoja: kati ya fezi na nyutro, na kati ya fezi na ethi, yaani waya wa kinga unaokwenda ardhini. Pasipo ethi, njia ya pili haipo, nayo pia imehesabiwa katika ile 1000 ya kwenye boksi. Kifaa hakikwambii. Taa yake inawaka kijani kama kawaida.

Fundi akaufuata waya hadi kwenye kiungio juu ya ngazi. Chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye, umeme wake ukachotwa kwenye waya wa taa: shaba mbili zimesokotwa kwa mkono, zikafungwa utepe, nazo zimeshaota kutu ya kijani. Umeme wa taa unapita hapo bila shida, lakini mawimbi ya megahezi kadhaa hupungua na mengine hurudi nyuma kila yanapokutana na kiungio kibovu au tawi lisilo na mwisho mzuri. Akakata ncha zilizooza na kufunga viunganishi vya skurubu. Kipimo kikasimama kwenye 52. Jioni, balbu na feni za nyumba nzima zikiwaka, hushuka hadi kama 40.

Kifurushi chetu ni cha megabiti 40, hivyo kwa mikutano ya video na kutuma mafaili ya kazi nimeridhika, na ningezinunua tena kwa matumizi haya. Mwenye kifurushi cha 200 katika nyumba kama hii asizinunue. Na mkizinunua, bonyezeni kile kitufe cha `Pair` hata kama zinafanya kazi bila hivyo: nyingi hutoka kiwandani na nywila moja ya pamoja, na mawimbi yanaweza kuvuka hadi kwa jirani mnayechangia naye laini.

Fundi amesisitiza kwamba soketi isiyo na ethi ni hatari kwa mtu, kabla hata ya kuzungumzia intaneti, na dawa yake ni waya mpya kutoka kwenye boksi la breka. Tunaukusanyia pesa. Siku akija kuupitisha, nitamwomba apitishe na kebo ya mtandao ndani ya bomba lake la peke yake, na adapta nitampa dada yangu mwenye nyumba mpya huko Fuoni.