Chupa za kioo au za plastiki kwa juisi na asali: uzoefu wangu baada ya kutumia zote

Ninauza juisi na asali, na bidhaa zote mbili nimezipitisha kwenye kioo na kwenye plastiki. Nilipofikia ni hapa: asali naiweka kwenye kioo, juisi mbichi ya kuuzwa ikiwa baridi naiweka kwenye plastiki, na juisi iliyochemshwa ili ikae muda mrefu nairudisha kwenye kioo. Bei ya chupa haikunifikisha hapo. Kilichoamua zaidi ni kifuniko, na joto la kile ninachomimina ndani.

Nianze na juisi ya moto, maana hapo tofauti ni kubwa kuliko mahali pengine popote. Juisi chachu, yaani ya pH chini ya 4.6, ukiipasha hadi nyuzi 85 na kuijaza ingali moto, joto lake lenyewe husafisha chupa na kifuniko. Inapopoa inapungua ujazo. Nusu lita iliyofungwa ikiwa nyuzi 85 hupungua karibu mililita 15 ikifika joto la kawaida, na mvuke uliokuwa juu yake unageuka matone. Hewa ya nje haina pa kuingilia, kwa hiyo ndani panabaki ombwe linalovuta kila upande wa chupa.

Kioo hakisogei. Kinachovutwa ni kifuniko cha bati, kinakandamizwa mdomoni, na ule mpira laini wa ndani yake unakaa sawasawa kwenye ukingo. Hii ndiyo sili ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inaonekana kwa macho. Vifuniko vya bati vya kuzungusha vyenye vijino ndani vina aina iliyo na kitufe katikati. Chupa ikipoa, kitufe kinazama. Siku ya pili nabonyeza kila kifuniko kwa kidole: kisichocheza kimefunga, kinacholia "tik" hakikufunga, na chupa hiyo inaenda kwenye jokofu itumike kwanza. Mteja naye akiifungua anasikia ule mlio na anajua hakuna aliyemtangulia.

Plastiki ya kawaida katika kazi hiyohiyo inashindwa mara mbili. Chupa nyingi za juisi zimeandikwa PET na namba 1 kwenye kitako, na plastiki hiyo huanza kulegea inapokaribia nyuzi 70. Ukimimina juisi ya nyuzi 85 shingo inapinda kidogo, na shingo iliyopinda haishiki kifuniko hata ukikaza vipi. Ikinusurika hapo, ombwe linavuta mbavu za chupa zinabonyea ndani, na mteja anaiona kama chupa iliyokanyagwa. Zipo PET zilizotengenezwa kwa kujaziwa moto. Nyingi utazitambua kwa shingo nzito nyeupe isiyopitisha mwanga na paneli ubavuni zinazoruhusu kubonyea kwa utaratibu. Ni chupa nzuri, lakini kwa muuzaji mdogo si rahisi kuzipata kwa idadi ndogo.

Kioo nacho kina masharti yake kwenye moto. Kinachokivunja ni tofauti ya ghafla ya joto kati ya chupa na juisi, na tofauti ikizidi kama nyuzi 40 unaanza kucheza bahati nasibu. Chupa ya nyuzi 25 kwa juisi ya nyuzi 85 ni hatari. Mimi nazipasha chupa kwanza kwenye maji ya moto, zinatoka humo na kujazwa papo hapo, na nazipanga juu ya ubao au kitambaa kikavu, kamwe si juu ya meza ya chuma au ya saruji iliyo baridi. Nikishafunga nailaza kila chupa ubavu kwa dakika chache ili juisi ya moto iguse kifuniko, halafu naisimamisha ipoe taratibu. Kuharakisha kwa maji ya barafu ndiko kunakotoa vitako: chupa inakatika mviringo chini, safi kabisa, na juisi yote inabaki sakafuni.

Kwa juisi mbichi ya baridi hukumu yangu inageuka. Juisi hiyo inaishi siku chache tu kwenye jokofu, haihitaji ombwe, na ikianza kuchacha inatoa gesi. Plastiki inakuonya: chupa inakuwa ngumu, kitako kinatuna, ukiigusa unajua. Kioo hakisemi chochote mpaka kifuniko kiruke au chupa ipasuke mkononi mwa mtu. Hiyo peke yake inanitosha nisiweke juisi mbichi kwenye kioo kilichokazwa na kuipeleka mbali na baridi.

Ila plastiki inataka uwe mkali na vifuniko. Chupa nyingi za vinywaji zina mdomo wa milimita 28, na watu hudhani kila kifuniko cha 28 kinaingia. Kuna shingo ndefu inayoitwa PCO 1810 na shingo fupi inayoitwa PCO 1881. Upana ni uleule, lakini urefu na mwinamo wa mistari ya kufungia ni tofauti, na vifuniko vyake havibadilishani. Muuzaji mmoja wa vifungashio alinichanganyia. Mkononi vilikaza vizuri, chupa zikisimama hazikuvuja, lakini zilipolazwa kwenye katoni wakati wa safari zilitoa juisi tone kwa tone na lebo zikalowa zote. Tangu hapo kila mzigo mpya wa chupa au vifuniko naupima kabla ya kulipa salio: najaza maji chupa chache kutoka magunia tofauti, nafuta shingo ikauke, nazilaza juu ya karatasi usiku kucha. Karatasi ikiwa na doa, mzigo unarudi.

Uzito ndio upande ambao plastiki inashinda bila ubishi. Chupa ya kioo ya nusu lita huwa na gramu 300 hadi 350, ya plastiki huwa kama gramu 25. Chukua msafirishaji anayekubali kilo 100 na juisi inayopima gramu 525 kwa nusu lita. Kwa kioo cha gramu 320, kila chupa inafika gramu 845, kwa hiyo zinaingia 118. Kwa plastiki kila moja ni gramu 550, zinaingia 181. Nauli ileile, chupa 63 zaidi, na bado sijahesabu makasha mazito na matenganisho ambayo kioo kinayadai. Kama mteja wako yuko mbali na chupa haitarudi, unalipa nauli ya kioo kwa faida ya mwingine.

Kwa asali hesabu hiyo inapoa, kwa sababu asali yenyewe ni nzito. Lita moja ina takriban kilo 1.4, hivyo chupa ya nusu lita inabeba kama gramu 700, na ukiuza gramu 500 unahitaji chombo cha takriban mililita 360 tu. Kioo cha ukubwa huo kina kama gramu 200. Sehemu ya kioo katika mzigo wa asali ni ndogo kuliko kwenye juisi, na bei ya asali inaibeba.

Kisha kuna unyevu. Asali hunyonya maji kutoka hewani, na ikizidi asilimia 20 ya maji inaweza kuchacha hata kama ilivunwa vizuri. Kwa hiyo kifuniko cha asali kazi yake kubwa ni kuzuia hewa yenye unyevu isiingie. Hapa nimeona jambo ambalo wauzaji wengi wa asali hulipuuza: tone la asali likibaki kwenye ukingo, mpira wa kifuniko haukai, na tone lenyewe linatambaa kwenye mistari ya shingo mpaka nje. Kifuniko kinanata, sisimizi wanakuja, na mteja anasema chupa mbovu. Nafuta kila mdomo kwa kitambaa safi kilicholowa maji moto kidogo na kukamuliwa, kisha kikavu, ndipo nafunga.

Asali pia huganda, na mteja ataipasha hata usipomwambia. Kwenye kioo anaiweka ndani ya maji ya nyuzi 40 hadi 45 na inarudi majimaji bila tatizo. Kwenye plastiki nyembamba joto hilo nalo linavumilika, lakini wengi hutumia maji yaliyotoka kuchemka, na chupa inajikunja na asali ndani. Chupa laini ya kukamua ni raha mezani, hilo nakubali, na wenye watoto huipenda. Nikiiuza naichagua yenye foili iliyobandikwa mdomoni kwa mashine chini ya kifuniko, na napendelea asali isiyoganda haraka.

Kuhusu kuvunjika, chupa nyingi za kioo huanza kuharibika kabla hazijaanguka. Zinasuguana ndani ya kreti, zinapata mikwaruzo, na mkwaruzo ndio unaopasuka baadaye kwa mgongano mdogo au joto. Katoni yenye vyumba vya karatasi ngumu, kila chupa chumba chake, imepunguza hasara yangu kuliko kitu kingine chochote. Na ikivunjika moja, ya juisi utafuta na maji, ya asali itachafua lebo za kasha zima. Kioo kikivunjika karibu na chupa zilizo wazi, zote zilizo jirani namwaga, sichuji. Plastiki haivunjiki hivyo, ila ukipanga makasha juu ya makasha, chupa za chini hubonyea, na vifuniko vyake hupata ufa mwembamba unaovujisha bila kuonekana.

Kurudia kutumia: kioo ndiyo, plastiki hapana. PET haiwezi kuchemshwa, inakwaruzwa na brashi, na inashika harufu. Chupa za kioo zinazorudi nazikagua kwa vitu viwili kabla ya kuosha. Napitisha ukucha kwenye mdomo mzima. Ikikwama kwenye mmeguko, chupa inatupwa, kwa sababu haitafunga na kipande kinaweza kuingia ndani. Kisha nainusa, yenye harufu ya mafuta ya taa au dawa sijaribu hata kuiosha. Zilizobaki zinalowekwa, zinapigwa brashi, zinasuuzwa na kuchemshwa dakika 10. Vifuniko vya bati sirudii, kwa kuwa mpira wake umeshapata alama ya ukingo wa zamani na ombwe la pili halishiki sawasawa.

Chupa hurudi tu pale ninapochukua amana na kuirudisha siku hiyohiyo. Kwa wateja wa karibu wanaonunua kila wiki nyingi zinarudi, na kioo kinakuwa nafuu kuliko plastiki baada ya mizunguko michache. Kwa maduka ya mbali natuma plastiki kwa juisi ya baridi, na kioo kwa asali pekee.