Nililipia "Lookalike", nikapewa ripoti ya kunifumba macho

"Dada, wewe uza vyombo, haya ya matangazo tuachie wenyewe." Hilo ndilo jibu nililopewa na wakala niliyemlipa kwa pesa yangu mwenyewe, kisa nimeuliza: hawa waliotuma meseji, wangapi wamenunua?

Nauza trei na vifaa vya kuokea keki hapa Dar. Mteja anaona tangazo Instagram, anakuja WhatsApp, analipa kwa simu. Facebook inaishia kujua nani kabonyeza. Nani kalipa, haijui. Ndiyo maana wazo la Lookalike lilinivutia. Unaipa Facebook namba za walionunua, inazilinganisha na namba zilizoandikishwa kwenye akaunti za watu, halafu inakutafutia asilimia 1 ya watumiaji nchini wanaofanana nao zaidi. Wazo zuri, mpaka sasa silikatai.

Lakini jamani, ile orodha! Nilimlazimisha aifungue nikiwa nimekaa pembeni yake. Alikuwa amezoa kila namba iliyokuwamo kwenye simu ya duka: bodaboda, fundi wa friji, wauzaji wangu wa jumla, na wale wa "bei gani?" wanaopotea. Sasa hapo mtandao unatafuta watu wanaofanana na nani, na fundi friji? Isitoshe, Excel ilikuwa imekula sifuri ya mbele, namba zimebaki tarakimu 9, hakuna 255. Namba isiyo na alama ya nchi ni rahisi kukosa mwenyewe, na dalili ilikuwa pale pale kwenye skrini: kundi limeandikwa "Below 1000" wakati orodha ilikuwa na namba nyingi kuliko hizo. Mfumo unadai angalau watu 100 waliotambulika kutoka nchi moja, ila wenyewe wanashauri chanzo kiwe kati ya 1,000 na 5,000. Yeye aliona kundi limekubali kutengenezwa, akaridhika.

Ripoti yake ilisema Lookalike imeishinda ile ya kulenga watu kwa mapendeleo yao, kwa kuwa kila meseji ilikuwa ya bei nafuu. Nikaangalia: Lookalike ilienda hewani mwisho wa mwezi, watu wana mshahara, tena kwa video. Mapendeleo yalienda katikati ya mwezi kwa picha moja iliyopauka. Hapo umeshindanisha mshahara na ukata!

Nikamtaka arudie mbele yangu, kwa "A/B test" ya Ads Manager: video moja, siku zile zile, shilingi 150,000 kila upande. Orodha ya wateja tukaiondoa pande zote mbili, jambo ambalo alilibishia sana. Lookalike inayotokana na orodha huwaacha nje watu wa orodha yenyewe, lakini upande wa mapendeleo wateja wako wa zamani wamo wamejaa, na wakinunua tena sifa inakwenda kusikostahili. Tukazima na ile ruhusa ya mfumo kutanua kundi, maana ikiwaka hujui tena unapima nini. Ili niwatofautishe WhatsApp, meseji ya kuanzia ya upande mmoja iliishia na nukta, ya upande wa pili haikuwa na nukta.

Mapendeleo yalileta meseji 61, wanunuzi 5. Lookalike, kwa orodha iliyosafishwa, meseji 38, wanunuzi 9. Kwa hesabu ya wakala, mapendeleo yameshinda, kwani kila meseji ni kama 2,500 dhidi ya karibu 4,000. Kwa hesabu ya droo langu, mteja wa mapendeleo kanigharimu 30,000, wa Lookalike kama 16,700. Wale tuliowalenga kwa kupenda "Baking" wengi walikuwa watazamaji wa video za keki tu, oveni yenyewe hawana.

Nilikuwa tayari kuipa Lookalike nyota nne. Halafu nikagundua wawili kati ya wale 9 wanatoka darasa moja la upishi, mmoja kamwonyesha mwenzake. Ukiwatoa, 7 kwa 5, hiyo si tofauti ya kuapia. Kwa hiyo nasema Lookalike inaelekea kushinda, na sisemi zaidi ya hapo mpaka nirudie kwa pesa nyingi zaidi.

Nyota kwa wakala? Moja, na ni kwa sababu siruhusiwi kuacha wazi. Nilipotaka kuendelea mwenyewe, nikakuta kundi lote amelitengeneza ndani ya akaunti yake ya matangazo, si yangu, pamoja na namba za wateja wangu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, nikamwandikia afute orodha na anipe uthibitisho. Amesoma, tiki mbili za bluu, kisha kanitumia bei ya kifurushi cha mwezi ujao.