Kubadilishana au kukataa?

Kwenye mchezo wa Monopoli, mwenzako anakupa kiwanja cha mwisho cha rangi ya chungwa, nawe unampa kinachokamilisha buluu iliyokoza. Mimi huhesabu kwanza pesa zake mkononi.

Una dola 900, yeye 400. Kubali. Utajenga nyumba tatu kwenye kila kiwanja, kodi iwe 550 au 600, na wanaotoka Jela hukuangukia mara nyingi kwa sababu viwanja vyako viko hatua 6, 8 na 9 mbele yao. Yeye atajenga nyumba mbili tu, moja kwenye kila kiwanja, kodi 175 na 200.

Akiwa na 1,200, kataa: nyumba tatu kwenye kila kiwanja cha buluu ni kodi ya 1,100 au 1,400, na kuanguka mara moja kunaweza kukufilisi.