Nimetoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo: nyota moja, labda mbili

Sina shida na kadi yenyewe. Dukani na kwenye petroli imenitumikia vizuri, na ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, riba huioni. Hasira yangu ni juu ya ile huduma ya kutoa pesa taslimu, na zaidi ya hapo ni juu ya jibu nililopewa kwa simu.

Mwenye nyumba niliyokuwa nahamia alitaka amana, na kadi hakuitaka. Nikatoa shilingi 40,000 kwenye mashine. Taarifa ya mwezi ilipokuja, mstari wa kwanza ulikuwa CASH ADV FEE 2,000. Hiyo ni asilimia 5, na ilikatwa siku ileile. Haikukatwa kwenye noti nilizoshika. Ilibandikwa juu ya deni, kwa hiyo riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ilianza kutembea juu ya 42,000 kabla sijafika nyumbani. Zile siku za kupumua unazopewa ukinunua vitu hazipo hapa. Hesabu yake ni shilingi 49 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Nikapiga simu kuuliza: kwa mwaka, mkopo huu unanigharimu asilimia ngapi? Dada aliyepokea akacheka. Naam, alicheka. "Bosi, ni 3.5 tu." Nikamwambia hiyo ni ya mwezi, na ada je? "Ada si riba, bosi." Nikauliza tena, akaniambia kama sina swali lingine anashukuru kwa kunihudumia. Simu ikakatwa.

Basi hesabu nimeifanya mwenyewe. Kwa siku 30, riba ni 1,470. Ongeza ada ya 2,000, unapata 3,470. Gawa kwa 40,000 nilizoshika mkononi, wala si 42,000, kwa sababu zile 2,000 sikuziona. Inakuwa karibu asilimia 8.7. Zidisha kwa 365, gawa kwa 30: inafika kama asilimia 105 kwa mwaka. Ukikopa na kurudisha hivyohivyo mwaka mzima, gharama ikizaa juu ya gharama, inapita 170. Yule dada angezidisha 3.5 yake kwa miezi 12 angepata 42, na bado asingekaribia. Ada si riba, sawa, lakini inatoka mfuko uleule, na tangu 2014 benki za Kenya zina utaratibu wa kumwonyesha mkopaji gharama yote, ada ikiwemo, kwa kiwango cha mwaka. Kwa hiyo swali langu halikuwa la kuchekwa.

Sasa hapa ndipo nilipojikuta nalegeza. Nililinganisha na M-Shwari, ambayo ada yake ni asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa 40,000 ni shilingi 3,000, sawa na kama asilimia 91 kwa mwaka. Tuweke kando ushuru wa serikali kwa pande zote mbili. Kwa mwezi mzima basi, kadi ya watu wenye payslip imeshindwa na mkopo wa simu! Ila ada ya simu ni ileile hata ukilipa mapema, ilhali kadi inasimamisha zile 49 siku unayolipa. Ukirudisha siku ya kumi, kadi imekula 2,490 na simu 3,000. Mpaka kufika kama siku ya ishirini, kadi ndiyo nafuu. Kwa hiyo mtu mwenye mshahara unaoingia wiki ijayo, sitamkemea akiitumia.

Na kiwango cha mwaka nacho kina vituko vyake. Kwa siku kumi kadi inaonekana asilimia 227, kwa sababu ada nzima imebanwa kwenye siku chache. Kwa miezi mitatu inashuka mpaka kama 65, ilhali umelipa 6,410. Ukiona asilimia inashuka usifurahi, hesabu shilingi.

Nilikuwa tayari kuwapa nyota mbili. Kisha nikalipa kiasi chote kilichoandikwa kwenye taarifa, hadi shilingi ya mwisho, na mwezi uliofuata riba ikaja tena. Kumbe taarifa hufungwa tarehe yake, na zile 49 zinaendelea kuanzia hapo hadi siku pesa yako inapoingia. Ukitaka kufunga deni kabisa, waombe kiasi cha kumaliza deni leo, usifuate karatasi. Nyota imerudi moja.

Niliomba wanizimie kabisa uwezo wa kutoa taslimu kwenye kadi hii. Wamesema ni lazima nifike tawini na kitambulisho, nijaze fomu. Siku ya kutoa 40,000 niliombwa namba ya siri tu.