Uzoefu wangu: kuchora duka la mama kwa akili mnemba, saa kwa saa, kwenye kafe ya intaneti Kirumba

Nyota tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa shingo upande.

Mama anauza dagaa hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Ni kibanda cha mbao na bati, meza mbele, magunia nyuma, na kwa juu yake ule mlima wetu wa mawe na nyumba zilizong'ang'ania katikati. Wateja wake wa jumla ni watu wa mikoani wanaonunua kwa simu, na kila mmoja huomba kwanza picha. Simu yangu hupiga picha kama imepakwa mafuta ya taa. Nikasikia chuoni kuna tovuti ya akili mnemba: unaandika maneno, yenyewe inachora. Jumamosi nikaingia kafe, shilingi elfu moja kwa saa, nikakaa kwenye kompyuta ya pembeni karibu na feni.

Prompti yangu ya kwanza ilikuwa fupi: duka la dagaa la mama wa Kiafrika, pembeni mwa ziwa. Kilichotoka ni kibanda cha nyasi, mti wa mgunga, jua jekundu kubwa kama sinia, na mama amevaa shanga hadi mabegani. Samaki walikuwa wanene kama kiganja, wamelazwa juu ya barafu. Kaka wa kafe alipita akacheka: "Dogo, hii ni Mwanza ya wapi?"

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu. Mashine hizi zimejifunza kutokana na picha nyingi sana zilizoambatana na maelezo, na maelezo mengi yako kwa Kiingereza. Ukiandika "Kiafrika", inakurudishia kile ambacho wapiga picha wengi wamekiita hivyo, yaani utalii. Neno "dagaa" halikuiambia kitu, ikaona tu harufu ya samaki na kukimbilia wale wa makopo. Nilichojifunza ni kuacha jina la kitu na kueleza umbo lake, tena kwa Kiingereza changu cha kuunga-unga: samaki wadogo wakavu, rangi ya fedha, wembamba, urefu wa kidole kidogo, maelfu kwa maelfu wamerundikwa. Mlima nao vilevile. Nilipoandika "milima" ilinichorea safu yenye theluji. Nilipoandika mawe makubwa ya kijivu ya mviringo, moja limekalia jingine, nyumba za bati katikati yake, Mwanza ikaanza kuonekana.

Hapo nikafanya ujinga. Nilikuwa na haraka, nikachukua picha moja nzuri ambayo dagaa wake bado walikuwa wanene kidogo, nikaiweka kwenye ukurasa wa mama. Jioni hiyohiyo akapiga mteja mmoja wa chakula cha kuku, anataka magunia ya "hao wakubwa". Mama akamwambia hatuna wakubwa, ziwa letu halina dagaa wa namna hiyo. Yule bwana akasema basi picha ni ya uongo, akakata simu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Baba, hao samaki uliwatoa wapi?"

Nikarudi Jumatatu na daftari. Sehemu hii ndiyo niliyoipa nyota. Tovuti inaanza kila picha kutoka kwenye vumbi la nukta zisizo na mpangilio, na mpangilio wa vumbi hilo una namba, kwenye skrini imeandikwa `seed`. Ukiiacha ibadilike, kila jaribio ni picha mpya kabisa na hujui ni neno gani limeleta nini. Ukiifunga namba ileile na kubadili neno moja tu, unaona kazi ya neno hilo. Nilifunga 4127 na kufanya hivyo kwa saa mbili.

Shida yangu kubwa ilikuwa kisado. Mama anapopima hajazi hadi ukingoni, anarundika mpaka dagaa wanaanza kuporomoka, ndiyo mlima wenyewe, na mteja anaangalia mlima kabla ya bei. Mashine ilinipa ndoo iliyojaa sawasawa, imekatwa kama kwa rula. Nikaongeza "imejaa sana": ndoo ikawa kubwa zaidi, juu bado bapa. Nikaandika "isiwe bapa": ikazidi kuwa bapa! Hii ishike mkononi, msomaji, maana ilinipotezea nusu saa. Neno la kukanusha huwa halina nguvu hapa, kitu kinachotajwa ndicho kinachochorwa, kama mtoto unayemwambia asiangalie mbwa. Kilichofaa ni kueleza mlima wenyewe: rundo lenye ncha juu ya ukingo wa ndoo, samaki wachache wanadondoka mezani. Namba ileile, maneno hayo tu, kilele kikatokea.

Kisha umeme ukakatika. Prompti nilikuwa nimeinakili, lakini kule ndani nilikuwa nimebadili namba mara mbili bila kuiandika, ile picha bora sikuipata tena. Kafe walinidai saa ya mwisho nzima ingawa niliitumia dakika arobaini tu. Kwa hilo nawapunguzia nusu nyota, wao si tovuti.

Nilimwonyesha mama picha iliyokaribia ile bora, nikiwa nimeichapa. Akaiangalia kwa muda, akageuza karatasi kama anayetafuta kitu nyuma. "Ni duka zuri," akasema, "la nani?"

Ndipo nikaacha kuandika duka na kuanza na duka lenyewe. Nilimwomba rafiki mwenye simu nzuri, tukapiga saa kumi jioni jua likiwa nyuma yetu. Picha ilikuwa safi, tatizo ni pikipiki ya bodaboda iliyosimama mbele ya meza. Tovuti ina brashi ya kupaka sehemu unayotaka ibadilike, iliyobaki haiguswi. Nilipaka pikipiki na kivuli chake (ukisahau kivuli, kinabaki kama mzimu mchangani), nikaeleza kinachotakiwa kuwepo pale: mchanga wa kijivu uliokanyagwa, mguu wa meza ya mbao, magunia. Sikulitaja neno pikipiki hata kidogo. Jaribio la tatu likakubali. Kuna pia kitelezi cha nguvu kwa wanaotaka ibadili picha nzima, nilikijaribu. Kikiwa chini kabisa inang'arisha tu, kikifika nusu inaanza kumpa mama sura ya mtu mwingine. Nikakiacha.

Bango nalo lilinisumbua. Mashine iliandika "DAGAGA WA ZIVA, JUMLA NA REJEJA", nikalifuta kwa brashi likawa ubao mtupu, nikaandika mwenyewe kwa programu ya kawaida ya kuchorea iliyokuwa kwenye kompyuta.

Kwa hiyo tovuti ni nzuri kwa kusafisha picha ya kitu ulicho nacho. Kwa kubuni bidhaa ambayo mtu ataitumia pesa kabla hajaiona, mimi sitarudia, mteja wa kuku ameshanifundisha. Jumla nimetumia kama elfu saba, pamoja na kuchapa kwa rangi.

Picha mpya imewekwa wiki iliyopita, chini nikaandika ukubwa wa dagaa na bei ya gunia. Mtu wa Morogoro na mwingine wa Dodoma wameshaulizia. Juzi mama akanipigia niko darasani: "Baba, ile picha iondoe kwanza. Mbalamwezi imetoka, ziwani wavuvi hawapati kitu na taa zao, mzigo hakuna hadi giza lirudi. Watu watapiga simu bure."

Nimeiondoa. Namba ya `seed` safari hii nimeiandika kwenye jalada la daftari.